Shilingi moja iliyozaa mbili na nusu: hesabu ya kizidishi, kuanzia vijiji vya Siaya

Kila mwaka, bajeti inaposomwa bungeni, hoja moja hurudi kwenye mitandao na vijiweni: serikali haizalishi chochote, na kila shilingi inayotumia imetolewa mfukoni mwa mtu mwingine, kwa hiyo haiwezekani matumizi yake yakaongeza pato la taifa hata kwa senti. Wapo wanaojibu kwa hoja iliyo kinyume kabisa, kwamba serikali ikimwaga fedha uchumi utakua tu, bila kujali fedha zimemwagwa wapi wala zimetoka wapi. Nimezisikia hoja zote mbili kwa miaka mingi, na naona kila moja ina kipande cha ukweli kilichokatwa kutoka kwenye hesabu moja. Hesabu hiyo ni ya kizidishi, yaani idadi ya shilingi ambazo pato la taifa huongezeka kwa kila shilingi moja ambayo serikali imeitumia. Kizidishi kikiwa 2, shilingi milioni moja imeongeza pato kwa milioni mbili. Kikiwa 0.4, imeongeza laki nne tu, na laki sita zilizobaki ama zimevuka mpaka au zimechukua nafasi ya matumizi ambayo watu wengine wangeyafanya.

Hesabu hii haikuanzia kwetu. Aliyeiandika kwa utaratibu ni Richard Kahn, mwanauchumi kijana wa Cambridge, mwaka 1931, wakati Uingereza ilipokuwa na zaidi ya watu milioni mbili wasio na kazi, na maofisa wa wizara ya fedha wakishikilia kwamba ujenzi wa barabara kwa fedha za serikali ungehamisha ajira tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kahn alitaka kujua jambo moja: mtu mmoja akiajiriwa kwenye barabara, ni wangapi wengine watapata kazi kwa sababu mshahara wake unatumika? John Maynard Keynes aliichukua hesabu hiyo na kuiweka katikati ya nadharia yake ya mwaka 1936. Tangu hapo imebishaniwa bila kukoma, na ubishi wenyewe hauhusu hesabu bali ukubwa wa namba inayoingizwa ndani yake.

Tuianze kwa mfano. Serikali ya kaunti inalipa vibarua shilingi 1,000,000 kwa kuchimba mitaro na kukarabati barabara ya kata. Milioni hiyo tayari ni sehemu ya pato la taifa, kwa sababu kuna kazi iliyofanyika na barabara iliyokarabatiwa. Vibarua hawaifukii ardhini. Sehemu yake inakwenda kwenye kodi, moja kwa moja au ikiwa imefichwa ndani ya bei za bidhaa, sehemu nyingine inawekwa akiba, nyingine inanunua vitu vilivyotengenezwa nchi za nje, na inayobaki inanunua kazi na bidhaa za watu wa hapa hapa. Tuchukulie kwamba katika kila shilingi 100, hizo sehemu tatu za kwanza zinameza 50, na 50 zinageuka kuwa kipato cha Mkenya mwingine. Basi ile milioni inazaa 500,000 kwa mama muuza chakula, fundi cherehani, mwendesha boda boda na mkulima wa mboga. Wao nao wanatumia kwa namna hiyo hiyo, na 250,000 zinakuwa kipato cha wengine, kisha 125,000, kisha 62,500. Baada ya mizunguko mitano tu jumla imefika 1,937,500, na ukiendelea hadi kiasi kinachobaki kisionekane, jumla inakomea kwenye milioni mbili. Kanuni yake ni fupi:

```
k = 1 / (1 - c)
```

Herufi c ni ile sehemu ya kila shilingi ya kipato kipya inayorudi kuwa kipato cha mtu wa ndani. Ikiwa ni 0.5, k ni 2. Ikiwa ni 0.2, k ni 1.25.

Msomaji makini atauliza hapa kama hatuhesabu fedha ile ile mara kadhaa. Hatufanyi hivyo, lakini swali ni zuri kwa sababu linatulazimisha kusema kinachohesabiwa ni nini. Noti yenyewe haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kazi mpya katika kila kituo: sahani ya chakula iliyopikwa, suruali iliyoshonwa, safari iliyosafirishwa. Kila kituo kinahesabiwa kwa thamani iliyoongezwa pale pale. Kibarua akinunua kilo moja ya sukari kwenye duka la kijiji, pato la mwenye duka haliongezeki kwa bei yote ya sukari, bali kwa faida yake ndogo tu, na kiasi kikubwa kinamfuata muuzaji wa jumla, kiwanda na mkulima wa miwa, au kinavuka mpaka ikiwa sukari yenyewe imeagizwa. Kibarua huyo huyo akipeleka debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga, karibu malipo yote, ukiondoa dizeli au umeme, yanabaki kwa watu wa kijijini. Akienda kwa kinyozi, yanabaki zaidi. Akinunua simu, yanayobaki kijijini ni faida ya wakala peke yake. Kwa hiyo c haijaandikwa kwenye fedha. Imeandikwa kwenye orodha ya manunuzi ya mtu aliyeipokea.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika mara nyingi, hata na wanaoandika kwenye magazeti. Serikali inaponunua kazi, mzunguko wa kwanza unahesabiwa, kwa sababu kazi imefanyika. Inapogawa fedha taslimu, mzunguko wa kwanza hauhesabiwi, kwa sababu mpokeaji hajazalisha chochote ili azipate. Hesabu inaanza pale anapozitumia. Kwa c ya 0.5, kununua kazi ya milioni moja kunaongeza pato kwa milioni mbili, ilhali kugawa milioni moja kunaongeza pato kwa milioni moja tu. Tutaihitaji tofauti hiyo muda si mrefu.

Tatizo kubwa la kizidishi limekuwa siku zote kukipima. Serikali hazitumii fedha kwa bahati nasibu. Huongeza matumizi uchumi unapoanguka, au bei ya mafuta inapopanda, au uchaguzi unapokaribia, na kila moja ya sababu hizo inagusa pato la taifa kwa njia yake. Ukilinganisha mwaka wa matumizi makubwa na mwaka wa matumizi madogo, huwezi kujua kama tofauti ya pato imeletwa na matumizi au na kile kilichoyasababisha. Ndiyo maana kazi iliyofanywa katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2014 na 2017, inastahili kusomwa kwa utulivu na kila anayebishana kuhusu bajeti.

Shirika la GiveDirectly lilikuwa likigawa fedha kwa kaya maskini katika sehemu hiyo. Alama ya umaskini ilikuwa rahisi kuonekana: nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Kaya iliyochaguliwa ilipokea jumla ya shilingi 87,000, karibu dola 1,000 za wakati huo, kwa awamu tatu kupitia simu, kiasi kilicholingana na takriban robo tatu ya matumizi ya kaya ya kawaida kwa mwaka. Wanauchumi watano, Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker, walipanga vijiji 653 kwa kura. Kura yenyewe ilikuwa na ngazi mbili. Kwanza, maeneo yaligawanywa kuwa ya ugawaji mzito, ambako theluthi mbili za vijiji zingepata fedha, na ya ugawaji mwepesi, ambako ni theluthi moja tu. Kisha, ndani ya kila eneo, vijiji vyenyewe vilichaguliwa kwa kura. Kaya zilizopokea zilizidi 10,500.

Ngazi ya pili ya kura ingetosha kujua kama fedha ziliwasaidia waliozipokea. Ngazi ya kwanza ndiyo iliyoruhusu swali la kizidishi, kwa sababu iliwawezesha kuwatazama watu ambao hawakupewa hata senti, wakilinganisha wale waliokuwa karibu na fedha nyingi na wale waliokuwa karibu na chache. Kwa kuwa ni kura iliyoamua nani awe wapi, tofauti ya kipato kati ya makundi hayo haiwezi kusingiziwa mvua, mwanasiasa wala bei ya samaki. Na fedha hazikuwa kidogo. Katika kipindi cha kilele zilizidi asilimia 15 ya pato la maeneo yaliyozipokea. Serikali chache sana duniani zimewahi kuingiza kiasi kama hicho kwenye uchumi wao ndani ya mwaka mmoja.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba kila shilingi iliyogawiwa iliongeza pato la eneo kwa takriban shilingi 2.5. Kaya ambazo hazikupokea chochote ziliongeza matumizi yao kwa kiwango kinachoonekana wazi, na chanzo kikubwa cha nyongeza hiyo kilikuwa ujira: kulikuwa na kazi zaidi na malipo zaidi. Biashara ndogo ziliuza zaidi. Bei, zilizofuatiliwa mwezi baada ya mwezi kwenye masoko ya eneo hilo, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu.

Hebu tuweke 2.5 kwenye kanuni yetu. Kwa kuwa hizi zilikuwa fedha za kugawiwa, mzunguko wa kwanza hauhesabiwi, na kanuni inakuwa c gawanya kwa 1 toa c. Ili ipatikane 2.5, c inapaswa kuwa karibu 0.71. Yaani, kwa hesabu hii rahisi, katika kila shilingi 100 zilizofika kijijini, 71 ziligeuka kuwa kipato cha jirani, na 71 kwa 100 za hizo nazo zikageuka tena, na kuendelea. Ni kiwango kikubwa, na nilipokutana nacho mara ya kwanza sikukiamini. Lakini tazama walikuwa watu gani. Kodi ya mapato hawalipi kwa sababu kipato chao hakifiki kiwango cha kutozwa. Akiba ya benki karibu hawana. Walichonunua kilikuwa chakula, ng'ombe na mbuzi, samani kutoka kwa seremala wa sokoni, na mabati, pamoja na kazi ya fundi wa kuyapigilia. Bati lenyewe linatoka mbali, bila shaka, lakini mbao, mchanga, ufundi na usafirishaji ni vya pale pale.

Namba ya asilimia 0.1 ndiyo inayonisimamisha zaidi kuliko 2.5. Kwa mujibu wa hoja ya kijiweni, fedha nyingi zikiingia mahali ambapo bidhaa ni zile zile, bei lazima ziruke. Kwa nini hazikuruka? Jibu linaonekana kwenye mashine yoyote ya kusaga katika soko la kijiji, iwe Siaya, Kilifi au Handeni. Mashine ipo, kibanda kipo, na mwendeshaji ameketi mlangoni kwenye benchi huku nguo zake zikiwa nyeupe kwa unga. Anawasha injini anapofika mteja, anasaga debe mbili, anazima, anarudi kwenye benchi. Mtu huyo hana tatizo la uwezo wa kuzalisha, kwani mashine yake ingeweza kusaga mara kadhaa ya kiasi hicho. Tatizo lake ni kwamba wateja hawafiki, na hawezi kununua nusu ya mashine ili ilingane na wateja alionao. Wateja wakiongezeka, hana haja ya kupandisha bei wala kukopa ili anunue mashine ya pili. Anachoongeza ni dizeli. Duka lenye rafu zilizojaa na muuzaji anayesinzia liko katika hali hiyo hiyo, vivyo hivyo fundi cherehani mwenye nguo mbili tu za kushona juma zima. Wachunguzi wa Siaya waliona kwamba biashara ziliongeza mauzo bila kuongeza uwekezaji kwa kiasi kikubwa, na hilo ndilo tungelitarajia ikiwa uwezo uliolala ulikuwa mwingi.

Hapa ndipo hoja ya "kila shilingi ya serikali imetolewa kwa mwingine" inapokosea, na pia ndipo inapopata haki. Inakosea pale watu na mashine zinapokaa bure, kwa sababu kibarua aliyeajiriwa hakuondolewa kwenye kazi nyingine. Inapata haki pale kila mtu anapokuwa tayari kazini. Serikali ikiamua kujenga ofisi katika mji ambao waashi wote wamekwisha kuajiriwa, itawapata kwa kuwalipa zaidi ya mwajiri wao wa sasa, nyumba ya mtu binafsi itasimama nusu, na gharama za ujenzi zitapanda kwa wote. Namba iliyoandikwa kwenye bajeti imeongezeka, ilhali matofali yaliyojengwa ni yale yale. Dalili zake zinajulikana. Ikiwa baada ya matumizi makubwa ujira na bei za vifaa vya ndani vinapanda huku kiasi kinachozalishwa kikisimama pale pale, kizidishi kimekaribia sifuri. Ikiwa mauzo na saa za kazi zinapanda huku bei zikikaa, kizidishi kinafanya kazi.

Sasa tuutazame mradi wa aina nyingine kabisa. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 327, na karibu asilimia 90 zilitokana na mikopo ya benki ya Eksimu ya China, huku kampuni ya China ikiwa ndiyo mjenzi. Vichwa vya treni vilitoka China. Saruji, kokoto na nguvukazi kubwa vilikuwa vya hapa, na yeyote aliyepita Voi au Mtito Andei miaka ile aliona vibanda vya chakula vilivyochipuka kando ya kambi. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika kila shilingi 100 za mradi wa namna hii, 60 zililipia vitu na huduma kutoka nje. Hizo 60 ni pato la nchi nyingine tangu siku ya kwanza. Zilizobaki ni 40, na hata tukizizidisha kwa kizidishi kile cha 2 tulichokianza nacho, tunapata 80. Mradi ulioonekana mkubwa kuliko yote umeongeza pato wakati wa ujenzi kwa kiasi kilicho chini ya gharama yake. Hilo halitoshi kuihukumu reli, kwa sababu reli hujengwa ili isafirishe watu na mizigo kwa miaka mingi, na faida hiyo inapimwa kwa hesabu tofauti. Lakini waziri anaposimama na kuutetea mradi kwa idadi ya ajira za wakati wa ujenzi, hesabu anayoitumia ni hii ya kizidishi, na kwa hesabu hii barabara ya kata iliyochimbwa kwa majembe inaishinda reli kwa kila shilingi.

Wakati nao una nafasi yake. Namba ya Siaya ilikusanyika katika kipindi cha zaidi ya miaka miwili, na sharti lake la kwanza ni kwamba fedha zifike. Namfahamu mkandarasi mdogo aliyejenga madarasa kwa ajili ya kaunti fulani, akawalipa mafundi wake kwa mkopo wa benki, kisha akaisubiri hundi yake kwa muda mrefu kiasi kwamba riba ilimeza faida yote na akauza lori. Katika vitabu vya kaunti, matumizi yalikwisha kuidhinishwa. Katika uchumi halisi, mzunguko wa pili ulikwenda kinyume: mtu aliyepaswa kununua alilazimika kuuza. Bili zisizolipwa ni matumizi ya serikali yenye kizidishi kibovu kuliko yote, kwa sababu mwananchi ndiye anayeikopesha serikali bila hiari yake na bila riba.

Suala la mkopo linatupeleka kwenye swali ambalo jaribio la Siaya lilikuwa na bahati ya kutolijibu: fedha zimetoka wapi? Zile zilitoka kwa wafadhili wa nje. Hakuna mtu wa Siaya aliyetozwa kodi ili jirani yake apewe, na hakuna benki ya Kisumu iliyoacha kumkopesha mfanyabiashara ili ifadhili ugawaji ule. Serikali haina urahisi huo. Ikikopa ndani ya nchi, inakopa kwenye mabenki yale yale ambayo seremala anakwenda kuomba mkopo. Mwezi Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyotozwa kodi, na mwezi huo huo Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Meneja wa benki anayeweza kupata asilimia 18 bila wasiwasi wa kufukuzana na mdaiwa hana sababu ya kumsikiliza seremala. Kila mkopo unaonyimwa kwa namna hiyo ni matumizi yaliyofutwa, na yanapaswa kutolewa kwenye kizidishi. Utafiti uliofanywa kwa kulinganisha nchi nyingi, uliochapishwa na Ethan Ilzetzki, Enrique Mendoza na Carlos Végh mwaka 2013, ulikuta kwamba katika nchi zenye deni kubwa kizidishi hushuka hadi sifuri au chini yake, na kwamba kwa jumla ni kidogo zaidi katika nchi zinazoendelea na katika nchi zilizofungua milango ya biashara.

Kwa upande wa pili, kizidishi kinaweza kuwa kikubwa kuliko wakubwa wanavyokisia, na wanaligundua hilo wanapopunguza matumizi. Baada ya mwaka 2010 nchi kadhaa za Ulaya zilibana bajeti zao. Olivier Blanchard, aliyekuwa mwanauchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na mwenzake Daniel Leigh, walirudi kuangalia makadirio yaliyotolewa wakati huo na kukuta kwamba yalikuwa yametumia kizidishi cha karibu 0.5, ilhali mambo yalivyokwenda yalionyesha kitu kati ya 0.9 na 1.7. Sababu haikuwa fumbo: riba za benki kuu zilikuwa tayari chini kabisa na hazingeweza kushushwa zaidi ili kufidia, watu wengi walikuwa bila kazi, na majirani wote walikuwa wanabana kwa pamoja. Ugiriki ilipoteza takriban robo ya pato lake katika miaka michache. Mnyororo ule ule wa kibarua na mama muuza chakula hufanya kazi kinyumenyume: anayekosa mshahara hanunui, na asiyeuza hanunui.

Turudi kwenye swali ambalo mtu wa kijiweni anastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Je, serikali ikitoza kodi shilingi 100 na kuzitumia zote, bila kukopa hata moja, pato linaweza kuongezeka? Mwanauchumi wa Norwe, Trygve Haavelmo, alionyesha mwaka 1945 kwamba linaweza, ikiwa serikali inanunua kazi, kwa sababu aliyetozwa 100 hapunguzi manunuzi yake kwa 100 zote. Sehemu ilikuwa iende kwenye akiba au kwenye bidhaa za nje. Lakini pato likiongezeka, linaongezeka kwa kiasi kidogo kuliko Siaya, na kwa fedha za kugawiwa linaongezeka kidogo zaidi.

Chukua mpango wa Inua Jamii, ambao humlipa mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuseme shilingi 100 za mpango huo zimetozwa kwa mtu mwenye kipato kizuri mjini, ambaye kwa sababu ya kodi hiyo anapunguza manunuzi yake ya ndani kwa 40, na zilizobaki anazitoa kwenye akiba au anaahirisha safari ya Dubai. Mzee anatumia 70 za ndani: unga, samaki, mtoto wa jirani wa kumchotea maji. Nyongeza halisi ya mahitaji ni 30, na kwa kizidishi cha nchi nzima cha 2, pato linaongezeka kwa 60. Halijafika 100, lakini limeongezeka, na hakuna deni lililobaki. Sasa badilisha chanzo. Tuseme shilingi 100 hizo zimetokana na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta, ambayo Kenya iliipandisha kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, na kwamba aliyebeba mzigo wake ni mwendesha boda boda na mama anayenunua mafuta ya taa, ambao nao wangetumia 70 za ndani. Anayepokea anaongeza 70, anayetozwa anapunguza 70, na nyongeza ya mahitaji ni sifuri. Mzee amesaidika, na huenda hilo peke yake linatosha kuutetea mpango, lakini pato la taifa limebaki pale pale, hata kama hotuba ya bajeti imesema vinginevyo.